Mchanganuo mmoja, lugha mbili: namna ya kuzuia namba zisipishane

*Mimi ni katibu wa kikundi cha wakamuaji alizeti, wilaya ya Iramba, tupo wanachama 40. Mchanganuo wetu wa biashara tuliuandika kwa Kiswahili na mkutano ukaupitisha. Sasa mfadhili anataka wa Kiingereza, na kijana tuliyempa kazi ya kutafsiri ameleta kitu kisichofanana na cha kwetu. Sisi tuliandika mapato ni milioni 93 na nusu, yeye kaandika milioni 19 na nusu. Nani kakosea? Tuandike upya kwa Kiingereza halafu ndiyo turudishe kwenye Kiswahili, au tufanyeje?*

Ndugu katibu, usimkate huyo kijana malipo yake kwanza. Nimelipitia jedwali uliloambatanisha, na namba zote mbili zimo humo. Mnatarajia kununua kilo 60,000 za alizeti kwa Sh 1,000 kwa kilo, mpate lita 16,300 za mafuta za kuuza Sh 5,000 kwa lita, na kilo 40,000 za mashudu za kuuza Sh 300 kwa kilo. Mafuta yanaleta Sh 81,500,000, mashudu Sh 12,000,000, jumla Sh 93,500,000. Hayo ni mauzo. Mkitoa bei ya alizeti, umeme, vibarua, madumu na usafiri, ambavyo jumla yake ni Sh 74,000,000, zinabaki Sh 19,500,000. Hiyo ni faida ghafi. Ninyi mliita ya kwanza "mapato". Kijana aliposoma neno hilo alielewa kile mnachobaki nacho, akachukua ya pili. Hakuna aliyekosea hesabu. Neno ndilo lililobeba mizigo miwili.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hili: msiandike upya kwa Kiingereza, na wala msitafsiri. Anzeni na jedwali la namba na orodha ya istilahi, kisha andikeni maelezo mara mbili, kila lugha kwa namna yake, yote yakichota kwenye jedwali lile lile. Anayetafsiri sentensi hadi sentensi huhamisha utata wa lugha ya kwanza kwenda ya pili, na mara nyingi hulazimika kukisia. Aliyekaa na jedwali hana cha kukisia.

Tuanze na maneno. "Mapato" kwa Kiswahili cha kila siku ni chochote kinachoingia: mshahara, mauzo ya duka, kodi inayokusanywa na serikali, hata faida. Ndiyo maana kwenye mchanganuo silitumii kabisa likiwa peke yake. Natumia "mauzo" kwa fedha yote ya wateja, "faida ghafi" kwa kinachobaki baada ya gharama za kukamua, na "faida kabla ya riba na kodi" baada ya kutoa pia gharama za uendeshaji na uchakavu wa mashine. Kwenu gharama hizo za mwisho ni Sh 9,500,000, kwa hiyo mstari wa tatu ni Sh 10,000,000. Namba tatu, majina matatu, na hakuna jina linaloweza kukaa kwenye kiti cha mwenzake.

Neno la pili lenye matatizo ni "mtaji", na kwenu limefanya vurugu zaidi ya "mapato", ila hamjaligundua. Ukurasa wa 2 mmesema mtaji ni milioni 40. Ukurasa wa 5 mmesema mtaji wa kikundi ni milioni 15. Ukurasa wa 7 mnaomba mtaji wa milioni 25. Mwanachama aliyekaa mkutanini anaelewa, kwa sababu alisikia mjadala. Mgeni anayesoma kwa Kiingereza ataona kikundi kisichojua kinahitaji shilingi ngapi. Livunjeni neno hilo vipande vinne. Kuna fedha zinakokwenda: gharama za kuanzisha, yaani mashine Sh 18,000,000 na kuifunga Sh 2,000,000, halafu fedha za mzunguko Sh 20,000,000 za kununulia alizeti, ambazo mnatarajia zizunguke mara tatu katika msimu. Kisha kuna zinakotoka: michango ya wanachama Sh 15,000,000 na mkopo unaoombwa Sh 25,000,000. Zinakokwenda ni milioni 40, zinakotoka ni milioni 40. Msomaji wa benki huanza kwa kulinganisha jumla hizo mbili kabla hata hajasoma habari za alizeti.

Orodha ya istilahi haitakiwi kuwa ndefu. Mchanganuo wa ukubwa wenu una maneno kama kumi na mawili tu yanayobeba fedha. Yaandikeni kwenye karatasi ya pili ya faili lile lile la hesabu, namna hii:

```
Mauzo                         | Sales
Faida ghafi                   | Gross profit
Faida kabla ya riba na kodi   | Profit before interest and tax
Gharama za kuanzisha          | Start-up costs
Fedha za mzunguko             | Working capital
Michango ya wanachama         | Members' contributions
Mkopo unaoombwa               | Loan requested
```

Masharti ya orodha hiyo ni kwamba kila neno lina mwenza mmoja tu, na mwandishi haruhusiwi kutafuta kisawe ili kupamba. Shuleni tulifundishwa kuwa kurudia neno ni umaskini wa lugha. Kwenye mchanganuo, ukisema "fedha za mzunguko" aya ya kwanza na "mtaji wa kuendeshea" aya ya tatu, msomaji makini atafikiri ni mafungu mawili tofauti na atakuuliza la pili liko wapi kwenye jedwali. Kama benki yenu ina fomu yake na inasema "mtaji wa uendeshaji", chukueni neno la benki mlitumie kila mahali. Uzuri wa neno hapa si hoja.

Kuna maneno mawili ambayo Tanzania hayatuletei shida hadi msomaji atoke nje ya mpaka. Mmeandika "kodi" kwa maana ya kodi ya mapato, na mistari mitatu chini yake "kodi" kwa maana ya kupanga jengo. Msomaji wa Nairobi, ambako kodi kwa kawaida ni ya nyumba na serikali hulipwa ushuru, atasoma yote mawili kuwa pango. Na ninyi mna "ushuru" wenu, ule wa mazao unaolipwa halmashauri, ambao yeye atauona kuwa kodi yote ya serikali. Andikeni majina kamili, yaani kodi ya mapato, pango la jengo na ushuru wa mazao, na mambo yatanyooka kwa Kiingereza pia.

Sasa namba zenyewe. Hapa ndipo ninapoona makosa ambayo hayagunduliki kwa kusoma, kwa sababu kila upande ukiusoma peke yake unaonekana sawa.

La kwanza liko ndani ya faili lenu la hesabu. Baadhi ya seli mmeandika `5,000/=` kwa mkono. Mtindo huo ni wetu, umetoka enzi za shilingi na senti, alama ile ikisema kwamba senti hakuna, na kwenye risiti ya duka hauna ubaya. Lakini ndani ya Excel alama hiyo inaigeuza namba kuwa maandishi, na `SUM` hupita juu ya maandishi bila kulalamika. Jumla inatoka ndogo na hakuna onyo. Utaitambua seli ya namna hiyo kwa jicho: namba halisi hukaa kulia, maandishi hukaa kushoto, isipokuwa kama mtu ameipanga upya. Ukitaka uhakika andika `=ISTEXT(B4)` pembeni, na ikijibu `TRUE`, ifute uandike tarakimu tupu. Alama ya fedha iongezwe na mpangilio wa seli, si kidole:

```
"TZS "#,##0
```

Mpangilio huo unaonyesha TZS 93,500,000 huku ndani ya seli kukiwa na 93500000 inayojumlishika. Kuhusu alama ipi ya kutumia, nina msimamo, ingawa najua wenzangu wengine wanaupinga. Kwenye mchanganuo wenu kuna "Sh.", "TSh", "Tshs" na "/=", zote nne. Hiyo "Tshs" ina herufi ya wingi ya Kiingereza, na shilingi kwa Kiswahili haiongezi kitu ikiwa nyingi. Mimi ningetumia TZS kwenye majedwali ya lugha zote mbili, kwa kuwa ndiyo alama ya kimataifa na haiwezi kuchanganywa na shilingi ya Kenya wala ya Uganda. Ndani ya maelezo ya Kiswahili mnaweza kuandika "Sh", mradi ukurasa wa kwanza useme kuwa Sh ni shilingi ya Tanzania. Ndani ya maelezo ya Kiingereza ibaki TZS. Kati ya alama na tarakimu wekeni nafasi isiyokatika, kwenye Word ni `Ctrl+Shift+Space`, ili alama isibaki mwisho wa mstari na namba ikaanza mstari wa chini.

La pili ni mkato na nukta. Tanzania, Kenya na Uganda tunatenga maelfu kwa mkato na desimali kwa nukta. Bujumbura au Lubumbashi, ambako hesabu zimefuata Kifaransa, desimali hutengwa kwa mkato. Msomaji wa huko akiona 12,500 akiwa hana maelezo mengine anaweza kusoma kumi na mbili na nusu. Mfadhili wenu naye akifungua faili kwenye kompyuta iliyopangwa kwa nchi kama Ujerumani, Excel yenyewe itabadili alama kulingana na mipangilio ya hapo, na hilo si kosa. Kosa huja pale mtu anaponakili namba kutoka pale na kuibandika kwenye Word, kisha nyaraka moja ikawa na 93,500,000 ukurasa wa 3 na 93.500.000 ukurasa wa 8. Tumeni nyaraka ya mwisho ikiwa PDF, na faili la hesabu liende pembeni.

La tatu ni namba za kusema. Kwa mdomo, "laki na hamsini" sokoni ni 150,000. Kwa kalamu, mwanasheria anaweza kuisoma 100,050. "Elfu mia moja na hamsini" nayo ina njia mbili hizo hizo. Mjumbe aliyezoea soko hatakosea, lakini mtafsiri aliyekulia mjini huenda akakosea. Kwa hiyo sheria yangu ni tarakimu kamili kila panapohusu fedha, na maneno pale tu ambapo namba ni ya mviringo, kama "Sh milioni 25". Kumbuka pia kwamba Kiswahili kinatanguliza "milioni" na Kiingereza kinaichelewesha, kwa hiyo anayetafuta na kubadilisha kwa kompyuta ataacha vitu vya ajabu kama milioni isiyo na namba. Na "nusu" nayo iandikwe kwa tarakimu kamili kwenye majedwali: milioni 93 na nusu ni 93,500,000, si kitu kingine.

Kijana wenu pia ameandika majedwali yake kwa maelfu, ambapo 93,500 inasimama badala ya 93,500,000, na juu kuna maelezo madogo yanayosema hivyo. Wahasibu wanapenda mtindo huo, na kwa kampuni kubwa una maana. Kwa kikundi chenu ni mtego. Mwanachama akifunua toleo la Kiingereza na kuona 93,500 atasema mfadhili ameambiwa tunauza kwa elfu tisini na tatu na mia tano. Acheni tarakimu zote katika lugha zote mbili, nafasi ipo. Vivyo hivyo kwa hasara ndani ya mabano: mhasibu anajua (1,200,000) ni upungufu, lakini wengi wa wanachama watadhani ni maelezo ya ziada. Tumieni alama ya kutoa, na pembeni andikeni neno "upungufu".

Sasa dola. Profoma ya mashine kutoka kwa msambazaji wa nje ni dola 7,200, na ninyi mmezidisha kwa Sh 2,500 mkapata 18,000,000. Kijana alizidisha kwa kiwango cha siku yake, 2,600, akapata 18,720,000. Tofauti ya Sh 720,000 haikuwa tafsiri, ilikuwa kalenda. Kiwango cha kubadilisha kikae kwenye seli moja tu ya jedwali, kikiwa na tarehe, na kila namba ya dola itokane na seli hiyo. Kwa kiwango chenu mkopo wa Sh 25,000,000 ni dola 10,000 kamili. Kiwango kikibadilika mtabadilisha seli moja, na matoleo yote mawili yatahama pamoja. Safu ya dola iwe kwenye jedwali la Kiingereza kwa msaada wa msomaji tu, huku shilingi ikibaki ndiyo namba ya mkataba. Bei za mafuta na mashudu msiziweke kwa dola kabisa. Mnauza ndani ya nchi, na kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Kuna jambo moja la vipimo ambalo limenifurahisha, maana mmelipatia nyumbani na likapotea njiani. Alizeti mnanunua kwa uzito, na mnakadiria robo ya uzito itoke mafuta, yaani kilo 15,000. Lakini mafuta mnauza kwa lita, na lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kama kilo 0.92. Ukigawa 15,000 kwa 0.92 unapata lita kama 16,300, ambayo ndiyo mliyoandika. Toleo la Kiingereza linasema lita 15,000. Mtafsiri aliona kilo na lita akadhani ni kitu kimoja. Kwa Sh 5,000 kwa lita, zile lita 1,300 ni Sh 6,500,000 zitakazokosekana mgeni akizidisha mwenyewe. Wekeni 0.92 kwenye jedwali kama mstari wake, yenye jina, ili asiyejua aione. Na pale mlipoandika "magunia 900", ondoeni. Gunia la lumbesa na gunia la mizani si kitu kimoja, na kwa Kiingereza neno hilo halimwambii msomaji uzito wowote. Kilo zinatosha.

Saa na tarehe nitazipita haraka. Mashine inafanya kazi "saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni". Kijana kaandika 02:00 hadi 10:00, yaani saa nane usiku hadi saa nne asubuhi, akatunga zamu ambayo hakuna kibarua angeikubali. Toleo la Kiingereza liandike 08:00–16:00. Tarehe nazo ziwe na jina la mwezi, kwani 03/04 kwenu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi.

Mkimaliza, msijikague kwa macho. Kaeni wawili mezani, mmoja na Kiswahili, mwingine na Kiingereza. Wa kwanza asome kwa sauti namba tu, na jina la kila namba kama lilivyo kwenye orodha: "mauzo, milioni tisini na tatu na laki tano". Wa pili aweke tiki. Asome tarakimu kwa tarakimu pale penye shaka. Kwa mchanganuo wa kurasa kumi kazi hiyo haizidi saa moja, na ni njia pekee ninayoijua inayokamata namba iliyoandikwa ndani ya sentensi badala ya jedwali, maana namba za namna hiyo formula haizifikii. Ukurasa wa kwanza wa matoleo yote uwe na namba ya toleo na tarehe ileile, na mstari mmoja unaosema kuwa matoleo yakipishana, linalofuatwa ni la Kiswahili lililopitishwa na mkutano mkuu. Mfadhili akitaka la Kiingereza ndilo litawale, hilo ni la kujadiliwa na wanachama kabla ya saini.

Linabaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Mkutano wenu ulipitisha nyaraka inayosema mapato ni Sh 93,500,000, na mko 40. Yupo mwanachama aliyekwisha kugawa kichwani akapata zaidi ya milioni mbili na laki tatu kwa kila mtu. Faida kabla ya riba na kodi ni Sh 10,000,000, ambayo kwa watu 40 ni Sh 250,000, na riba haijatolewa bado. Itisha kikao, uwasomee mistari yote mitatu kwa majina yake mapya, na muhtasari uandike kuwa "mapato" ya kikao kilichopita yalikuwa mauzo. Fanya hivyo kabla toleo la Kiingereza halijatumwa.